Mti Uliokatika Usiende Jikoni

Hotuba kwa mafundi ujenzi, vibarua na wenye nyumba, Isevya, Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru mliofunga saiti zenu leo asubuhi mje kunisikiliza, maana najua kufunga saiti ni kupoteza hela.

Ajali za ujenzi ni nyingi. Kuna msumari mguuni, tofali kichwani, umeme, kuna shimo la choo linaloporomoka na mtu yumo ndani. Nikizigusa zote tutaondoka hapa na majina tu. Leo nachukua moja, kuanguka kutoka kwenye jukwaa la mirunda, na nitaifuata kuanzia mtu anapogusa ardhi mpaka siku jukwaa lingine linaposimamishwa. Nimeichagua kwa sababu karibu kila mmoja hapa atapanda jukwaa la mirunda wiki ijayo.

Nitawaeleza ajali yenyewe. Ni nyumba ya kuishi huko Ipuli, imeshaezekwa, mafundi wanapiga plasta ya nje. Majina nayaacha, wahusika wako kazini na wana haki ya kuishi bila kunyooshewa kidole. Siku ya pili yake niliitwa kuwasaidia kuandika na kutafuta chanzo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyapata kwao wenyewe na kwenye vitu nilivyovishika kwa mkono.

Mafundi wawili walikuwa juu, kama mita tatu kutoka chini. Saidia fundi mmoja alikuwa chini akipandisha udongo wa plasta. Saa nne na robo asubuhi mti mmoja wa mlalo, ile miti inayobeba mbao za kukanyagia, ukakatika. Fundi wa kwanza akashuka na mbao. Aliangukia mgongo na ubavu, na mkono wa kushoto ukachanwa na kipande cha bati kilichobaki chini tangu siku ya kuezeka. Fundi wa pili akadaka nguzo, akapigiza paji la uso, akateremka mwenyewe. Saidia fundi alikuwa ametazama juu, udongo ukamwingia machoni.

Hapo ndipo watu wengi huharibu. Mtu akianguka, watu wanamkimbilia wote kwa pamoja. Mmoja anamshika kwapani, mwingine miguu, anaketishwa, anapewa maji, bodaboda inaitwa, anapakiwa mshikaki katikati ya dereva na rafiki yake ili asidondoke. Wanafanya hivyo kwa upendo kabisa. Lakini kama mfupa wa mgongo au wa shingo umevunjika, uti wa mgongo unaopita ndani yake unaweza kuwa bado mzima, na ni kule kuketishwa na kutikiswa kwenye bodaboda kunakoweza kuukata. Mtu aliyekuwa anatembea asubuhi anaweza asitembee tena, na sababu isiwe kuanguka. Na msidhani mpaka iwe ghorofa. Kuanguka kutoka mita moja tu, urefu wa meza, kunatosha kuumiza shingo vibaya. Mita tatu ni jambo kubwa hata kama mtu mwenyewe anasema "sijambo, niacheni ninyanyuke."

Ipuli foromani alipiga kelele moja: "Simameni!" Akatazama juu kwanza. Ubao mmoja ulikuwa bado unaning'inia na ndoo mbili zilikuwa ukingoni. Angewaachia wakimbie, tungekuwa na majeruhi wanne. Akamwambia fundi wa pili aegemeze mrunda mmoja chini ya ule ubao, na wengine waingie kwa upande wa pili tu. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi sana, kama wa kumwita mtu na kuitikiwa.

Kisha akapiga magoti kichwani kwa majeruhi, viwiko vyake akaviweka ardhini, mikono miwili akamshika kichwa pande zote mbili. Hakukivuta wala kukigeuza, alikishika tu kibaki kama kilivyo. Akamwambia, "Usitikise kichwa, nijibu kwa mdomo. Jina lako nani? Unaumwa wapi?" Maswali hayo yana kazi. Mtu anayejibu kwa sentensi, njia yake ya hewa iko wazi, anapumua, na akili yake iko macho. Aliyeshika kichwa haondoki hapo mpaka hospitali au mpaka mwingine achukue nafasi yake. Msimfunge shingo kwa makaratasi ya saruji wala matambara, mikono ya mtu mtulivu inatosha.

Kama angekuwa hajibu na hapumui, au anakoroma kwa kuvuta pumzi moja moja za mbali, habari ya mgongo ingekaa pembeni. Mtu asiyepumua anakufa kwanza. Hapo unaweka viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza chini sentimita tano hadi sita, haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mnapokezana mkichoka, bila kuacha. Na kama anapumua ila hajitambui na anatapika, mnamgeuza ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa kikifuata kiwiliwili, ili matapishi yatoke.

Yeye alikuwa anaongea, lakini mkono ulikuwa unatoa damu nyingi. Mama lishe aliyekuwa anapika pale alivua khanga ya juu, ikakunjwa mara nyingi ikawa pedi nene, kibarua mmoja akaibana juu ya jeraha kwa kiganja, kwa uzito wake. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kazi inaonekana rahisi na watu huikosea. Damu huganda kama ikibanwa bila kuachiwa. Ukifungua kila baada ya dakika moja uangalie kama imeacha, unang'oa kile kilichoanza kuganda, unaanza upya. Tazama saa ya simu, bana dakika kumi kamili bila kuchungulia. Khanga ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake na ubane zaidi, usiitoe ile ya kwanza. Usimwagie mafuta ya taa, usiweke majani ya chai wala saruji kavu. Nimeona saruji ikiwekwa kwenye kidonda. Saruji inaunguza nyama, na daktari atalazimika kuikwangua.

Damu ya mkono au mguu ikikataa kabisa kusimama, ikawa inaruka, ndipo unafunga kitambaa kipana, kama vidole vitatu, juu ya jeraha kwa upande wa moyo, upana wa kiganja kutoka kwenye jeraha, si juu ya kiungo. Ingiza kijiti, zungusha mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso wake, na usilegeze mwenyewe njiani. Waya wa kufungia nondo usiutumie kamwe, unakata nyama. Pale Ipuli haikufika huko, khanga ilitosha.

Aliomba maji. Mtu aliyepoteza damu huwa na kiu kali, na roho inakusuta kumnyima. Mnyimeni. Huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji, na tumbo lenye kitu linaweza kumrudishia kwenye mapafu. Walimlowesha midomo kwa kitambaa na kumfunika kitenge, kwa sababu majeruhi hupoa hata Tabora yenye jua.

Wakati huo wote saidia fundi alikuwa amekaa kwenye rundo la mchanga akijifuta macho kwa fulana, na hakuna aliyemtazama. Hakuwa na damu, hakupiga kelele. Lakini udongo wa saruji ni kemikali kali inayoendelea kula jicho kila dakika inayopita, na kulisugua ni kulipaka vizuri zaidi. Mama lishe ndiye aliyeuliza, "Na huyu je?" Akalazwa kichwa ubavu, kope zikafunguliwa kwa vidole, akamwagiwa maji safi kutoka kwenye dumu polepole, yakitokea upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili, halafu likageuziwa la pili. Dakika ishirini kwa uchache, na ukizidisha ni heri. Dumu la lita ishirini lilikwisha, wakaleta lingine. Kisha naye akapelekwa hospitali, maana jicho la saruji halimalizwi na maji ya saiti. Ndiyo maana nasema ajali ikitokea, mtu mmoja kazi yake iwe kuwahesabu watu wote waliokuwepo na kumwangalia kila mmoja usoni. Anayelia ana mwangalizi tayari. Mtafute aliyenyamaza.

Sasa kumbeba. Pale palikuwa na mlango wa mbao ambao haujapachikwa. Mlango ni kitanda kizuri sana cha kubebea, mrefu kumzidi mtu, haupindi. Foromani alibaki kichwani na ndiye aliyetoa amri. Watatu walipiga magoti upande mmoja: wa kwanza akashika bega na kiuno, wa pili kiuno na paja, wa tatu paja na kifundo, mikono yao ikipishana. "Tukifika tatu, mnamgeuza kuelekea kwenu. Moja, mbili, tatu." Akageuka kama gogo moja, pua na kitovu vikitazama upande mmoja. Wa tano akausukuma mlango chini ya mgongo, wakamrudisha chali juu yake. Kabla na baada ya kumbeba walimwomba achezeshe vidole vya miguu na waliuliza kama anahisi akiguswa. Alihisi, na vidole vilicheza. Jibu hilo liliandikwa na saa yake, na daktari alilihitaji.

Walimfunga kwenye mlango kwa khanga kifuani na mapajani, wakampeleka kwa kirikuu ya jirani, watu wawili nyuma wakiwa naye, mpaka Kitete, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Namba ya dharura 112 ipigwe, lakini kila saiti iwe na namba ya mwenye kirikuu au pikapu aliye karibu, iandikwe kwa chokaa ukutani mahali kila mtu anaiona. Simu ya foromani inaweza kuwa mfukoni mwa yule aliyeanguka. Mkiombwa PF3, mtu mmoja aende kituo cha polisi wakati majeruhi anaendelea kuhudumiwa, msimzungushe naye.

Fundi wa pili, yule wa paji la uso, alitaka kurudi kazini. Alikuwa na nundu tu. Wakamzuia, na nawasifu kwa hilo, kwa sababu mtu aliyepigiza kichwa anaweza kuongea vizuri saa kadhaa huku damu inajikusanya ndani ya fuvu. Alipimwa, akaruhusiwa, na mkewe akaambiwa dalili za kuangalia usiku ule: kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi ambao haamki akiitwa, maneno yasiyoeleweka, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji maji au damu puani au sikioni. Akiona mojawapo, hangoji kuche.

Ndugu zangu, mpaka hapo walifanya vizuri kuliko saiti nyingi. Saa saba mchana karibu wapoteze kila kitu.

Mama lishe alikuwa anaongeza kuni. Ule mti uliokatika ulikuwa mkavu, umeshavunjika vipande viwili, uko karibu na mafiga. Mkono wake ulikuwa umeushika. Foromani akauomba. Ungeingia jikoni, leo ningekuwa nawaambia kwamba fundi aliteleza, kwa sababu jioni ile nusu ya watu pale walikuwa wanasema hivyo, na wengine walishaanza kusema alilewa jana yake. Kitu kilichovunjika hakibadilishi maneno. Mtu hubadilisha, tena bila hila yoyote. Anaona aibu, anaogopa kufukuzwa, anamhurumia mwenzake, na kufika Jumatatu anaamini alichosema.

Kwa hiyo majeruhi akishaondoka, jukwaa lisiguswe. Zungusha kamba. Piga picha kabla ya kusogeza kitu, moja ya mbali inayoonyesha ukuta wote, kisha za karibu, na kwenye picha ya karibu weka futi kamba ili urefu uonekane. Mti uliokatika ufunge kwa kamba vipande vyake pamoja, uweke stoo, bandika karatasi yenye tarehe. Mtu akifariki au akiumia vibaya sana, hapo si hiari yenu tena: pabaki kama palivyo mpaka polisi na wakaguzi wa OSHA waseme. Wanafanya kazi kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, na saiti yako haikwepi sheria hiyo kwa kuwa ni ndogo.

Halafu daftari. Kaunta buku moja, kalamu ya wino, kurasa zimewekwa namba kwa mkono. Ukikosea, piga mstari mmoja uandike upya pembeni, usichane. Nilipofika siku ya pili walikuwa wameandika hivi: "Fundi alianguka kwa uzembe, akapelekwa hospitali." Ni sentensi moja, na haimsaidii mtu yeyote. Daktari haimsaidii, mfuko wa fidia hauwezi kuifanyia kazi, na fundi atakayepanda kesho hajifunzi kitu. Neno "uzembe" ni hukumu, na hukumu ikitangulia, uchunguzi umekwisha. Tulikaa na wote waliokuwepo, kila mmoja peke yake kwanza, tukaandika upya chini yake. Ninalo hapa, nasoma bila majina:

"Saa 4:15 asubuhi. Ukuta wa nje wa kaskazini, plasta. Jukwaa la mirunda, mbao za kukanyagia ziko mita 3 kutoka chini. Mafundi wawili juu, ndoo nne za udongo za lita 20, zimejaa, zote kati ya nguzo ya pili na ya tatu. Mti wa mlalo wa nguzo ya tatu ulikatika karibu na fundo la kamba. Fundi anasema: nilisikia mlio, nikahisi mguu wa kulia unashuka. Saidia fundi anasema: asubuhi ulilia mara moja, nikadhani ni kamba. Jeraha la mkono wa kushoto, maumivu ya mgongo chini ya mbavu, vidole vya miguu vinacheza saa 4:20 na saa 4:40. Damu ilibanwa kwa khanga kuanzia saa 4:18. Hakupewa maji. Aliondoka saa 4:45 kwa kirikuu. Macho ya saidia fundi yalioshwa kwa maji dumu mbili."

Chini yake kuna majina ya mashahidi, namba za simu, nani alimsindikiza, namba ya kadi ya hospitali, na saini. Angalieni hakuna mahali pameandikwa kosa la mtu. Pana vipimo, saa na maneno ya wenyewe. Na mwandishi amesema wazi ni nani alisema nini, hajayachanganya na aliyoyaona yeye.

Ukurasa huu una kazi nyingine kubwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Mchango wake unalipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wa fundi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue. Fundi mkuu unayeajiri na kulipa watu, usijidanganye kwamba mwajiri ni yule mwenye nyumba aliyeko Dar es Salaam. Na wenye nyumba mlioko hapa, kabla ya tofali la kwanza andikianeni na fundi wenu kwa maandishi: nani anaajiri hawa vijana, na amejiandikisha WCF? Swali hilo likiulizwa mtu akiwa kitandani Kitete, kila mmoja anamtazama mwenzake, na mke wa fundi ndiye anayelipa.

Sasa chanzo. Siku ya tatu tulikaa pale pale, chini ya ukuta, mti uko katikati yetu. Nilimwomba saidia fundi aseme wa kwanza, kwa sababu mdogo akisema baada ya mkubwa huwa anarudia tu ya mkubwa. Nikachukua msumari wa inchi nne nikauchoma ule mti pale ulipokatikia. Uliingia mpaka karibu na kichwa, kwa kidole gumba. Mchwa walikuwa wameula ndani ukabaki ganda, na fundo la kamba ndilo lililoficha mahali hapo. Kwingine kote mti ulikuwa mzuri, unalia vizuri ukiugonga.

Wengine wakasema basi, chanzo ni mchwa, tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Mchwa waliufikiaje? Mirunda ilitoka nyumba nyingine, ikalala chini kwenye udongo mvua zote, tangu Novemba. Kwa nini haikukaguliwa ilipoletwa? Kila mmoja alidhani aliyeileta ameikagua, na aliyeileta alikuwa dereva. Na kwa nini mti huu ukatike leo na si jana? Hapo tukahesabu uzito. Ndoo ya lita 20 ya udongo wa plasta ni karibu kilo 40. Ndoo nne ni kilo 160. Mafundi wawili, tuseme kilo 140. Kilo 300 zimesimama kwenye nafasi moja kati ya nguzo mbili. Jana yake zilikuwa zinapanda ndoo mbili mbili. Siku ile ziliwekwa nne kwa sababu saidia fundi mmoja alikuwa anahudumia kuta mbili, akaona apandishe nyingi kwa mara moja ndipo aende upande wa pili. Na alikuwa mmoja kwa sababu mwenzake hakuja, na hakuna aliyesema kazi ipunguzwe.

Mnaona jinsi ilivyoshikana? Mti mbovu peke yake ulikuwa umevumilia siku kadhaa. Ndoo nne juu ya mti mzima pengine zisingefanya kitu. Na ule mlio wa asubuhi ulikuwa taarifa, aliyeusikia hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Mtu mmoja akapendekeza tuandike kwamba mafundi wawe makini. Nilikataa, na nakataa mpaka leo. Fundi wa plasta macho yake yako ukutani, ndiyo kazi aliyolipwa. Huwezi kumdai auangalie mti ulioko chini ya miguu yake, umefichwa na kamba. Hatua iwe kitu ambacho mtu akipita barabarani anaweza kukiona kipo au hakipo. Tuliandika zifuatazo, kila moja na jina la mtu na tarehe.

Mirunda yote ikaguliwe siku hiyo, kwa msumari na nyundo, mti kwa mti, kabla ya kufungwa. Iliyofeli ikatwe katikati kwa msumeno palepale, maana mti mbovu ukiachwa mzima utarudi jukwaani, nimeshaona. Miti kumi na moja ilikatwa, na hiyo mama lishe alipewa yote. Mizima ikapakwa rangi nyekundu kwenye ncha, na miti inayolala iwekwe juu ya tofali, isiguse udongo. Ndoo zisizidi mbili katika nafasi moja kati ya nguzo, na saidia fundi ndiye mwenye kauli: fundi akiita ya tatu, anaruhusiwa kukataa. Umbali kati ya miti ya mlalo usizidi mita moja na nusu, mbao za kukanyagia ziwe mbili au zaidi mpaka upana wa sentimita 60, zipite mti wa mwisho kidogo lakini zisizidi sentimita 30, la sivyo ukikanyaga ncha zinanyanyuka. Mti wa kuzuia mtu ufungwe usawa wa kiuno, kama mita moja. Na chini ya jukwaa pasafishwe kila asubuhi, kwa sababu lile bati halikumwangusha mtu, lakini ndilo lililomchana.

Kuhusu mlio, tulifungua kurasa za nyuma za daftari lile lile, tukaandika juu "Karibu tuumie." Yeyote akisikia mti unalia, nguzo ikizama, ndoo ikidondoka bila kumpata mtu, anaandika au anamwambia foromani aandike. Haulizwi alikuwa anafanya nini. Baada ya wiki mbili nilirudi nikakuta mambo matano yameandikwa, na rangi nyekundu ziko juu. Ila nafasi moja ilikuwa na ndoo tatu. Nilimuuliza saidia fundi akasema aliogopa kumkatalia fundi mzee. Kwa hiyo tukabadilisha: zimenunuliwa ndoo za lita kumi badala ya kumuachia kijana ugomvi na mkubwa wake. Hatua ikishindikana, kabidhi kazi hiyo kwa kitu, usimbebeshe mnyonge.

Fundi aliyeanguka picha yake ilionyesha ufa kwenye pingili moja ya mgongo, uti wenyewe mzima. Macho ya saidia fundi yalipona.

Mzee mmoja ameniuliza wakati naanza, mrunda wa mkaratusi utumike mara ngapi ndipo utupwe. Mzee wangu, usihesabu mara. Mti uliolala juu ya tofali chini ya bati unaweza kuzeeka nawe, na uliolala udongoni msimu mmoja wa mvua hapa Tabora unaweza kuwa ganda. Kila unapohamishwa ukuta mmoja kwenda mwingine, fungua kamba zote, maana mbovu hujificha chini ya fundo. Choma msumari pale ulipokuwa umefungwa na kwenye ncha zote mbili. Ukiingia zaidi ya robo ya kucha kwa nguvu ya mkono tu, kata. Gonga kwa nyundo toka ncha hadi ncha, ukisikia sauti imebadilika kuwa ya kopo tupu, kata hapo hapo. Kisha ulaze juu ya tofali mbili, mita moja na nusu kati yake, simameni watu wawili katikati. Miti kumi haizidi nusu saa. Ifanyeni Jumatatu kabla ya kuchanganya udongo, kwa sababu udongo ukishachanganywa hakuna atakayesubiri.